Kifo Kimoja, Wasomaji Watatu: Matukio ya Unyaturu, Januari 1875, katika Maandishi ya Stanley

Ikisiri

Makala hii inalinganisha maandishi matatu ya Henry Morton Stanley kuhusu siku chache za Januari 1875 katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Singida: taarifa kwa magazeti, barua ya tanzia kwa baba wa marehemu, na sura ya kitabu. Hoja yake ni kwamba tofauti kati ya maandishi hayo haitokani na kumbukumbu iliyofifia. Inatokana na uamuzi kuhusu msomaji, uliofanywa kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa. Makala inaonesha pia mahali ambapo uamuzi huo ulimponyoka mwandishi katikati ya barua.

Utangulizi

Tarehe 17 Januari 1875, yapata saa nne asubuhi, msafara wa Stanley ulitua mahali alipopaita Chiwyu, katika nchi ya Wanyaturu, ambao yeye aliwaandika kwa majina ya Warimi na Waturu. Wapagazi wanne waliteremsha machela. Kijana aliyekuwamo, Edward Pocock, alikata roho mara tu alipolazwa chini. Ilikuwa imetimia miezi miwili kamili tangu msafara uondoke Bagamoyo. Usiku ule alizikwa chini ya mti ambao kaka yake, Frank, alikuwa ameuchonga alama ya msalaba. Siku chache baadaye, kaskazini zaidi, mahali panapoitwa Vinyata katika maandishi yake, msafara uliingia katika mapigano na wenyeji yaliyodumu kwa siku tatu, na ukapoteza zaidi ya watu 20.

Wanahistoria wamezoea kuyatumia maandishi ya wasafiri wa aina hii kama ghala la data: nani alipita wapi, lini, akakuta nini. Wanafasihi wamezoea kuyasoma kama usimulizi wa kikoloni unaojijengea shujaa wake. Njia zote mbili zina faida, lakini zote zinaelekea kumchukulia Stanley kama sauti moja. Mimi napendekeza tuanze na swali dogo zaidi: alipokaa kuandika, alikuwa anamwandikia nani? Swali hili linajibika kwa uhakika usio wa kawaida katika tukio la Unyaturu, kwa kuwa taarifa kwa magazeti ina tarehe ya 1 Machi 1875 na barua kwa baba wa Edward ina tarehe ya 4 Machi 1875. Zote mbili ziliandikwa Kagehyi, Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako msafara ulifika tarehe 27 Februari. Mkono ni mmoja, kijiji ni kimoja, na kati yake kuna siku tatu tu. Kilichobadilika ni msomaji.

Matini hizi ni za Kiingereza. Sizinukuu hapa. Ninaeleza yaliyomo kwa maneno yangu, kwa sababu hoja yangu inahusu mambo yaliyosemwa na yaliyoachwa, si mapambo ya lugha.

Baba kama msomaji

Frank na Edward Pocock walikuwa vijana wa familia ya watu wa mashua na uvuvi katika mto Medway, Kent, Uingereza. Waliingia msafarani kwa kupendekezwa na Edwin Arnold wa gazeti la Daily Telegraph, ambalo, pamoja na New York Herald, ndilo lililogharamia safari. Jambo hili ni la msingi katika kuielewa barua. Msomaji wake hakuwa mtu asiyejulikana. Alikuwa mzazi aliyewatoa wana wawili kwa pamoja, na mmoja wao bado alikuwa mikononi mwa mwandishi.

Barua inautaja msiba katika sentensi yake ya kwanza. Hapa msomaji wa Kiswahili husita kidogo, kwa kuwa katika jamii zetu nyingi mpeleka tanzia huuzunguka msiba kwanza: humweleza mzazi kuwa mtoto amezidiwa, humwomba arudi nyumbani, huwatanguliza wazee, na neno lenyewe hulifikia sikio likiwa limekwisha kubashiriwa. Stanley hakuwa na nafasi hiyo. Karatasi haiwezi kuutazama uso wa anayeisoma ili ijue iharakishe au ingoje. Alichofanya ni kulitaja jambo mara moja, kisha akatumia aya nzima kumsifu marehemu: baragumu lake la alfajiri, nyimbo zake za jioni penye moto, upendo aliokuwa nao miongoni mwa askari wa msafara. Baada ya hapo tu ndipo akaingia katika habari za ugonjwa.

Na hizo habari za ugonjwa ndizo zinazonishangaza zaidi. Zinasimuliwa siku kwa siku, kwa ukamilifu ambao mtu angeutarajia katika daftari la mganga. Siku ya kwanza, baada ya mwendo mrefu hadi Suna, kijana analalamika maumivu ya viungo na kiuno, na mwandishi anamwambia akalale, kwani ni uchovu. Siku ya pili maumivu yako magotini na mgongoni, na mwandishi anayatibu kama baridi yabisi. Siku ya tatu kifua kinabana na usingizi hauji. Anapewa plasta ya haradali na dawa ya kuharisha, na usiku anaanza kuweweseka. Mwandishi sasa anadhani ni homa ya vipindi kama ile iliyompata yeye mwenyewe Ujiji mwaka 1871, naye anangoja homa ipungue ili atoe kwinini. Siku ya nne, kijana anapooshwa kwa maji baridi, vipele vinaonekana kifuani. Hapo ndipo Stanley anafungua vitabu vyake vya tiba na kutambua taifasi. Mgonjwa analishwa uwanga na brandi. Siku ya tano msafara unaondoka.

Kwa hiyo mwandishi anamfichulia baba makosa mawili ya utambuzi, pamoja na siku tatu za kutojua. Mtu anayejilinda angeweza kuandika kwamba kijana alishikwa na taifasi akafa, na hakuna ambaye angemsuta. Kwa nini afichue? Maelezo yangu ni kwamba Stanley alimfikiria baba kama mtu mwenye swali moja: je, mwanangu aliachwa afe? Swali hilo halijibiwi kwa jina la ugonjwa. Linajibiwa kwa kuonesha kwamba kila siku palikuwa na mtu kando ya kitanda, anayetazama ulimi, anayegusa kifua, anayejaribu hiki na kile. Makosa yenyewe yanakuwa ushahidi wa uangalizi. Kuna sababu ya pili, isiyo ya kiungwana sana lakini ya kweli: Frank alikuwa hai, alikuwapo siku zote hizo, na alijua kuandika. Mwandishi wa tanzia mwenye shahidi wa pili ndani ya familia ya msomaji hana budi kuwa mwangalifu katika anachokificha.

Yaliyoachwa

Ufichuaji huu mpana katika habari za kitanda unafunika kimya kikubwa katika habari za njia. Kitabu cha Stanley kuhusu safari hii, kilichotoka London mwaka 1878 kwa juzuu mbili, kinaeleza kwamba kabla ya kufika Suna msafara ulipita katika pori la miiba ambako chakula kiliwaishia. Watu kadhaa walipotea au kufa. Wengine walitumwa mbele kutafuta nafaka, na waliobaki, zaidi ya watu 200, walipikiwa uji mwepesi kutokana na akiba ndogo ya vyakula vya Ulaya iliyokuwa sandukuni. Edward alifika Suna akitoka katika njaa hiyo. Katika barua, pori lote hilo limekuwa mwendo mrefu wa maili 20 uliomchosha kijana. Njaa haimo.

Tazama pia jinsi barua inavyoeleza kuondoka Suna. Mgonjwa aliyekwisha kuweweseka anatiwa katika machela na kubebwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba msafara ulilazimika kuendelea na safari. Nani aliyelazimisha? Sentensi haina mtenda. Kitabuni mtenda yupo: wenyeji wa Suna walikuwa wameanza kuwashuku wageni, na Stanley aliona kukaa zaidi kungeleta ugomvi. Msomaji wa kitabu anapewa sababu ya kiusalama ambayo mkuu wa msafara anaweza kuitetea. Baba hapewi sababu hiyo, kwa kuwa kumpa kungemlazimisha apime jambo zito mno: kwamba mwanawe mahututi alibebwa juani kwa sababu ya hesabu ya hatari ya watu wengine. Wanafunzi wa isimu ya matini wanaufahamu muundo huu wa kumwondoa mtenda. Kwa kawaida tunaufundisha kama hila ya wenye mamlaka. Hapa nadhani ni hila na huruma kwa wakati mmoja, na sioni namna ya kuvitenganisha.

Vita vya Vinyata, navyo, vinapata kishazi kimoja tu. Baba anaambiwa kwamba Edward aliepushwa na misukosuko ya vita na Waturu iliyofuata. Ufundi wa kishazi hiki ni mkubwa kuliko ukubwa wake. Mwandishi hakuweza kukinyamazia kisa hicho, maana siku tatu kabla alikuwa amekiandika kwa gazeti lilelile ambalo mkubwa wake ndiye aliyewapendekeza vijana hawa. Familia ingekisoma kwa vyovyote. Lakini angeweza kuchagua namna ambavyo kingeingia katika huzuni yao, naye akakiingiza kama faraja: kifo cha kitandani kilimwokoa na kifo cha mkuki. Kwamba Frank alikuwamo katika mapigano hayohayo, hilo msomaji ameachiwa alikumbuke mwenyewe.

Umma kama msomaji

Katika kitabu, Vinyata inachukua kurasa nyingi. Tunaambiwa kwamba Kaif Halek, mtu wa msafara aliyekuwa na pumu na hivyo akitembea polepole, aliachwa nyuma akauawa njiani. (Huyu ndiye aliyekuwa ameupeleka mfuko wa barua za Livingstone uliofungwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870, ambao Stanley aliukuta bado Unyanyembe mwaka uliofuata. Jina alilompa ni maamkizi tu ya Kiarabu, yaani hali gani.) Tunaelezwa habari za mganga wa Vinyata aliyeleta ng'ombe na kupokea nguo. Tunaelezwa madai ya wenyeji kwamba mtu wa msafara aliiba maziwa, na kwamba nguo zililipwa kama fidia. Kisha tunasimuliwa mashambulizi, boma la miiba, vikosi vilivyotumwa kuchoma vijiji, na kimoja kati ya vikosi hivyo kilichoangamia.

Toni ni ya mtu anayetoa ushahidi mbele ya baraza. Kila hatua ya msafara inatanguliwa na subira yake, na kila hatua ya Wanyaturu inatanguliwa na uchokozi wao. Haitoshi kusema kwamba hii ndiyo desturi ya maandishi ya kikoloni. Mwaka 1876, baada ya taarifa zake kuhusu mauaji ya kisiwa cha Bumbire kuchapishwa, Stanley alishutumiwa hadharani Uingereza. Alipokuwa akiandika kitabu, msomaji wake hakuwa tena mnunuzi wa gazeti anayetamani kisa. Alikuwa pia mshtaki. Wizi wa maziwa na fidia yake unatajwa kwa uangalifu kwa sababu unamsaidia mshtakiwa kuonesha kwamba alijaribu njia ya amani. Kwa bahati nzuri, jambo lilelile linatusaidia sisi kwa namna ambayo hakuikusudia. Kundi la watu zaidi ya 200 wenye bunduki, waliotoka katika njaa, wanaingia katika nchi ya wafugaji wakati wa kilimo, na maziwa yanaibwa. Mnyaturu wa Vinyata asingehitaji maelezo marefu zaidi kuhusu chanzo cha ugomvi. Ushahidi huu umehifadhiwa kwa sababu mwandishi alimwogopa msomaji fulani. Asingemwogopa, huenda asingeuandika.

Kaburi la Edward nalo linabadilika. Kwa baba, Chiwyu ni mahali penye mti, msalaba na ibada ya maziko ya Kanisa la Uingereza. Kwa wasomaji wa kitabu, waliokuwa na hamu ya mito na vilele, Chiwyu ni nyanda za juu ambako vijito vinaanza kutiririka kuelekea kaskazini, na Stanley aliamini kwamba maji hayo ndiyo mwanzo wa mbali kabisa wa Nile upande wa kusini. Alikosea. Maji ya sehemu hizo hushukia bonde la Wembere na ziwa Kitangiri kuelekea Eyasi, bonde lisilo na njia ya kutokea baharini. Lakini kosa lenyewe linafundisha. Kaburi liliwekwa penye chanzo cha Nile kwa sababu wasomaji wa kijiografia walistahili kupewa chanzo, na Edward akawa sehemu ya ramani yao.

Msomaji anapobadilika katikati ya barua

Hadi hapa nimemwonesha Stanley akimshika msomaji wake kwa mkono thabiti. Karibu na mwisho wa barua, mkono unalegea. Baada ya kusema kwamba kijana alikufa bila maumivu, na kwamba yeye mwenyewe angetamani kufa hivyo, mwandishi ghafla anaanza kuzungumzia saa ya ushindi: jinsi Edward ambavyo angefurahi kuwa nao wakati huu wanapoyatazama maji yanayometameta ya chemchemi kuu ya Nile. Toni ya tanzia imetoweka. Sauti hii ni ya ile taarifa ya siku tatu kabla.

Mtu anaweza kuitetea sentensi hiyo. Mwandishi anaeleza kwamba Edward alikuwa baharia wa kweli aliyependa kuyaona maji, na maneno hayo, kwa baba aliyeishi kwa mashua, yana shabaha sahihi kabisa. Nakubali. Hata hivyo baharia anapenda maji, hapendi chemchemi kuu ya Nile. Neno la pili lina msomaji mwingine, naye ni yule aliyelipia safari. Ishara ya kwamba msomaji amebadilika katika matini si lazima iwe badiliko la kiwakilishi, maana barua inaendelea kumwita baba wewe. Ishara ni kwamba fahari ya mwandishi imekuwa ya lazima kwa sentensi ambayo mfiwa hakuihitaji.

Sentensi inayofuata ina hatari zaidi. Barua inamwomba baba ajifariji kwa kuwa Frank bado yu hai, na kwa dalili zilizopo atarudi nyumbani na heshima na utukufu. Faraja hii ilijengwa kwa nia njema, na mwandishi aliiwekea tahadhari ndogo ya dalili zilizopo. Lakini mfiwa haisomi tahadhari, anaisoma ahadi. Mwandishi aliyekwisha kumpoteza mwana mmoja wa msomaji huyu, na ambaye alikuwa amepoteza zaidi ya watu 20 katika mapigano ya siku tatu, hakuwa na msingi wa kumpa kitu kama hicho. Tarehe 3 Juni 1877 Frank alizama katika maporomoko ya mto Kongo.

Wafiwa wengine

Waliokufa Vinyata walikuwa Wangwana na watu wengine walioandikishwa Zanzibar na pwani, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Walikuwa na wazazi, wake na wadai. Kwao Stanley aliandika orodha. Mwishoni mwa juzuu ya pili ya kitabu kuna majina ya waliokufa, na kando ya jina imewekwa sababu ya kifo. Orodha nayo ni utanzu wenye msomaji wake, ambaye katika hali hii alikuwa karani na mwenye kulipa mishahara. Haihitaji baragumu la alfajiri wala ulimi uliokuwa mweusi. Inahitaji jina, ili dai la mshahara lithibitike au likataliwe.

Mtu asiharakishe kusema kwamba orodha ni udhalimu na barua ni utu. Orodha imehifadhi majina ambayo barua haikuyataja hata moja, na bila hiyo leo tusingejua kwamba mtu aitwaye Kaif Halek alifia Unyaturu. Isipokuwa haikuandikwa ili isomwe na wafiwa. Waliosalia walirejea Zanzibar tarehe 26 Novemba 1877, na katika siku zilizofuata jamaa za marehemu walifika mezani kudai mishahara ya watu wao. Pale mezani palikuwa na msomaji wa orodha, mwenye kalamu mkononi. Habari za boma la miiba, za maziwa, na za nani alikuwa karibu na nani wakati mikuki ilipokuja, jamaa hao hawakuwa na pa kuzipata ila vinywani mwa wenzao waliorudi nao, kwa Kiswahili, na kila msimulizi aliyajua mwenyewe ya kumwambia mama na ya kumwambia mdai.